Chora Kabla ya Kuiuliza Mashine

“Msiegemee makosa ya mashine.” Hivyo ndivyo mhadhiri mmoja wa usanifu wa michoro alivyoanza kuwaaga wahitimu wake jijini Dar es Salaam. Mwaka 2022, programu za kuzalisha picha kama Midjourney na Stable Diffusion zilipowafikia watu wengi, wachoraji walijifariji kwa vidole sita na maandishi yasiyosomeka. Kasoro hizo zimezidi kupungua kwa kila toleo jipya. Anayejivunia kwamba yeye hakosei vidole hatabaki na cha kujivunia.

Mhadhiri alitaka watazame kwingine. Programu hizi hufunzwa kwa mamilioni ya picha zenye maelezo. Ukiiagiza picha, huanza na chengachenga zisizo na umbo, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi zifanane na maneno yako. Pale ambapo hukusema kitu, hujaziwa kilicho cha kawaida zaidi. Iombe kanga, yaelekea utapata korosho katikati, pindo lililojaa maua na rangi kali. Inapendeza, ila haina mwenyewe.

Kisha akaeleza kazi ya mwanafunzi wake. Binti huyo alikwenda soko la samaki la Feri, akachora kwa penseli mizani, ndoano na mikunjo ya nyavu. Mikunjo ikawa pindo, ndoano ikakaa kwenye mji. Alijifunga kwa rangi tatu, kwa kuwa katika uchapaji wa skrini kila rangi hudai skrini yake, na vivuli laini ambavyo mashine huvipenda hupotea kitambaani. Mashine aliiita mwishoni tu, kujaribu michanganyiko ya rangi. Naona hapo ndipo uzito wa hotuba ulipo: maamuzi yote magumu yalikwisha kufanywa na mtu aliyesimama sokoni.

Kwa nini mwishoni? Mwaka 1991, watafiti Jansson na Smith waliwapa wanafunzi wa uhandisi kazi ya kubuni kikombe kisichomwaga kinywaji, wakakataza mirija. Walioonyeshwa mfano wenye mrija waliuiga mara nyingi, ingawa katazo lilikuwa mbele yao. Picha ya kwanza hukamata akili, na picha ya mashine, iliyokamilika na kung’aa, nadhani hukamata zaidi kuliko mchoro wa penseli. Ndiyo maana mhadhiri aliwasihi wachore angalau kurasa mbili kabla ya kuwasha programu, na watunze michoro waliyoikataa pamoja na sababu ya kuikataa. Ukizipitia sababu hizo baada ya mwaka, alisema, utaona unachokipenda na unachokikwepa kila mara.

Mhitimu mmoja akauliza: na mteja anayetaka sampuli kumi jioni hii? Mhadhiri hakumficha. Kazi za namna hiyo nyingi zitakwenda kwa mashine, na bei yake itashuka. Mpelekee sampuli mbili, akamwambia, na uwe tayari kumweleza kwa nini kila mstari uko pale ulipo.