Jina Juu ya Bahasha: Anwani Moja ya IP, Tovuti Nyingi za HTTPS

Makala ya tatu katika mfululizo wa usalama wa tovuti

Wiki iliyopita tuliona jinsi kivinjari kinavyokikagua cheti cha tovuti: kinatazama nani amekitia saini, muda wake umefika wapi, na kama jina lililo ndani ya cheti ndilo lililoandikwa na msomaji. Msomaji makini atakuwa amebaki na swali. Seva moja siku hizi hubeba tovuti nyingi, zote kwenye anwani moja ya IP, na kila moja ina cheti chake. Mgeni anapobisha, seva inajuaje imwonyeshe cheti kipi?

Tuchukue seva yenye anwani 192.0.2.10. Imebeba tovuti mbili: shule.example na duka.example. (Anwani hiyo na majina hayo yametengwa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo hatumgusi mtu yeyote.) Ukiuliza anwani ya shule utapewa 192.0.2.10, na ukiuliza ya duka utapewa hiyo hiyo. Kompyuta ya mgeni inapofungua muunganisho, kinachofika kwenye seva ni namba peke yake. Jina halimo.

Kwenye HTTP ya kawaida, isiyofungwa, jambo hili lilitatuliwa mapema. Toleo la 1.1 la itifaki hiyo, lililotoka mwaka 1997, lilikilazimu kila kivinjari kutaja jina la tovuti ndani ya ombi lake:

```
GET /bei HTTP/1.1
Host: duka.example
```

Seva husoma mstari wa pili, ikajua kwamba mgeni anataka duka, ikampa ukurasa wa duka. Kazi imekwisha.

HTTPS iliuvuruga utaratibu huu kwa sababu ya mpangilio wa hatua. Muunganisho ukishafunguka, kabla ya ombi lolote, pande mbili husalimiana kwanza. Mgeni hutuma ujumbe wa kwanza, seva hujibu na kutoa cheti, mgeni hukikagua, wanakubaliana funguo, na hapo ndipo mazungumzo yanapofungwa kwa usimbaji. Mstari wa `Host` husafiri baada ya hayo yote, ndani ya mazungumzo yaliyokwisha kufungwa. Cheti kinatakiwa mwanzo, na jina linafika mwisho. Ni sawa na barua inayofika kwenye S.L.P. ya shule, nje ya bahasha pana namba ya sanduku tu, na jina la mwanafunzi limeandikwa ndani. Mwalimu anayegawa barua hawezi kuifungua, na bila kuifungua hajui ni ya nani.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuipa kila tovuti ya HTTPS anwani yake ya IP. Seva hujua mgeni ameingia kupitia anwani ipi kati ya zile ilizo nazo, na hiyo ilitosha kuchagua cheti. Lakini anwani za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa mamlaka tano za kanda, AFRINIC ya Afrika ikiwa mojawapo. Shule ndogo yenye kurasa sita haikuwa na sababu ya kumiliki anwani nzima peke yake. Matokeo yake ni kwamba tovuti ndogo nyingi zilibaki wazi, bila HTTPS.

Dawa ya kudumu ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwezi Juni 2003 waraka wa viwango namba RFC 3546 uliruhusu ujumbe wa kwanza wa mgeni kubeba nyongeza kadhaa, na mojawapo ni SNI. Kazi yake ni moja tu: kulitaja jina la tovuti inayotafutwa hapo hapo kwenye salamu ya kwanza, kabla cheti hakijatolewa. Jina limeandikwa nje ya bahasha.

Ni kitu kidogo mno. Kwa duka.example, nyongeza nzima ina baiti 21, na mtu akiutazama ujumbe huo kwa programu ya kuchunguza mtandao ataziona hivi:

```
00 00  00 11  00 0f  00  00 0c
64 75 6b 61 2e 65 78 61 6d 70 6c 65
```

Sufuri mbili za mwanzo ni namba ya nyongeza: SNI ni namba 0. Kisha unakuja urefu wa nyongeza, baiti 17, na urefu wa orodha ya majina, baiti 15. Inafuata sufuri inayosema kwamba hili ni jina la tovuti, halafu urefu wa jina lenyewe, herufi 12. Mstari wa pili ni herufi zenyewe, d-u-k-a na kuendelea. Hazikusimbwa. Yeyote aliye njiani anaweza kuzisoma, na hilo ni jambo zito ambalo nimelitengea makala ijayo.

Upande wa seva, fundi huandika tovuti zake hivi katika nginx:

```
server {
    listen 443 ssl;
    server_name shule.example;
    ssl_certificate     shule.pem;
    ssl_certificate_key shule.key;
}
server {
    listen 443 ssl;
    server_name duka.example;
    ssl_certificate     duka.pem;
    ssl_certificate_key duka.key;
}
```

Jina likifika kwenye salamu, seva hulilinganisha na `server_name` na kuchagua cheti. Sasa tuangalie mgeni asiyetaja jina kabisa, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi wanapokwama. Seva haiwezi kukaa kimya. Fundi asipoelekeza vinginevyo, nginx huichukua tovuti iliyoandikwa kwanza kuwa ya akiba, na kutoa cheti chake. Katika mfano wetu ni shule. Kwa hiyo mgeni wa duka asiyejua SNI anakabidhiwa cheti cha shule.

Ni nani huyo asiyejua SNI? Watu hutaja haraka kompyuta za Windows XP, na wana haki kwa nusu tu. Internet Explorer kwenye XP, hata toleo la 8, haikutuma SNI. Lakini Firefox, tangu toleo la 2 la mwaka 2006, iliituma kwenye XP hiyo hiyo, kwenye kompyuta hiyo hiyo. Sababu ni kwamba Internet Explorer iliegemea maktaba ya usimbaji ya Windows yenyewe, na ya XP haikuijua SNI, wakati Firefox ilikuja na maktaba yake. Kwenye simu ilikuwa hivyo hivyo: kivinjari cha asili cha Android 2.3 hakikuituma. Java 6 nayo haikuituma, mpaka ilipokuja Java 7 mwaka 2011. Kwa hiyo ukitaka kujua umri wa mgeni katika jambo hili, usitazame umri wa mashine. Uliza maktaba yake ya TLS ni ya lini.

Tumfuate msomaji mwenye Internet Explorer 8 kwenye XP anayekwenda duka.example. Anapokea cheti cha shule. Kivinjari kinalinganisha majina, hayafanani, na kinamsimamisha kwa ukurasa unaosema "There is a problem with this website's security certificate", yaani cheti cha tovuti hii kina kasoro. Mwenye busara anarudi nyuma. Lakini akibonyeza kiungo cha kuendelea, linatokea jambo linaloshangaza wengi: anaona duka, si shule. Salamu imekamilika kwa cheti kisicho chake, mazungumzo yamefungwa, kisha mstari wa `Host: duka.example` umefika ndani yake, na seva imeusoma na kutoa ukurasa sahihi. Hapo kasoro inakuwa ngumu kuigundua, maana mteja analalamika kuhusu onyo jekundu, fundi anafungua tovuti kwa kivinjari kipya, na haoni lolote.

Kibaya zaidi ni pale ambapo hakuna mtu wa kuonyeshwa onyo. Programu nyingi zilizoandikwa kwa Python 2.7, zile zinazoamka usiku kuchukua bei au kupeleka hesabu, zilitumia maktaba ambayo kabla ya toleo la 2.7.9 la Desemba 2014 haikutuma SNI, na wala haikulikagua jina la cheti isipoamriwa. Kasoro mbili zikafichana. Programu ilipewa cheti cha shule, ikakipokea bila kuuliza, ikatuma `Host`, ikapata jibu la duka. Kila kitu kilionekana kizima kwa miaka, ilhali programu hiyo ingekipokea hata cheti cha mwizi aliyejiweka katikati.

Namna ya kuligundua hili ni rahisi. Fundi anauliza seva mara mbili, mara ya kwanza kwa jina na mara ya pili bila jina:

```
openssl s_client -connect 192.0.2.10:443 -servername duka.example
openssl s_client -connect 192.0.2.10:443 -noservername
```

Katika majibu atafute mstari unaoanza na `subject`. Wa kwanza utasema duka, wa pili shule. Awe mwangalifu na toleo la chombo chake: kabla ya OpenSSL 1.1.1, amri hii haikutuma SNI bila `-servername`, na nimeona mafundi wakihukumu seva kuwa mbovu kumbe chombo chao ndicho kilichonyamaza.

Kuwajua wageni wenyewe, nginx ina kigezo `$ssl_server_name`. Kiongezwe kwenye muundo wa kumbukumbu za seva, na kila ombi ambalo nafasi hiyo imebaki tupu limetoka kwa mgeni asiyetaja jina. Baadhi yao si wakongwe hata kidogo. SNI hairuhusu kuandika anwani ya IP mahali pa jina, kwa hiyo roboti zinazopita zikibisha namba baada ya namba huja bila jina, na vivyo hivyo vyombo vingi vya kupima kama seva iko hai. Vivinjari vya XP vyenyewe vimekuwa adimu hapo, kwani Internet Explorer 8 kwenye XP haivuki TLS 1.0, na seva iliyowekwa kudai TLS 1.2 huikataa kabla suala la jina halijafika.

Fundi akishaona orodha hiyo, ana njia mbili. Kama hakuna mgeni wa maana, aweke kipande cha akiba kisicho na tovuti, chenye `ssl_reject_handshake on;`, kilichopo tangu nginx 1.19.4. Asiyetaja jina hukatiwa kwenye salamu, na cheti cha shule hakitolewi tena kwa wapita njia. Lakini kama ndani ya orodha kuna mashine ya ghala ya Java 6 inayopeleka hesabu za duka kila usiku, kukata ni kuizima. Hapo mimi ningechukua cheti kimoja chenye majina yote mawili, shule na duka, nikiweke kwenye kipande cha akiba. Mashine ile ikikikagua italikuta jina inalolitafuta. Kisha ningemwandikia mwenye ghala kwamba maktaba yake ibadilishwe, nikimtajia tarehe ambayo kipande hicho kitafungwa.