Ulipie barabara ya juu au ubaki chini?

Kutoka Mlolongo hadi Westlands jijini Nairobi, barabara ya kulipia ya kilomita 27 inafuatana na ile ya kawaida, hivyo umbali karibu ni uleule. Kinachonunuliwa ni dakika.

Chukua mzazi anayempeleka mtoto kliniki, ushuru ukiwa Sh500. Jumatatu asubuhi, simu ikionyesha ataokoa dakika 50, kila dakika inamgharimu Sh10. Jumapili akiokoa dakika 10 tu, kila moja ni Sh50. Heri abaki chini.

Apime muda hadi mlango wa kliniki, kwani foleni ya kutoka kwenye barabara hiyo yaweza kumeza dakika alizolipia. Lakini mtoto akipumua kwa shida, hesabu hiyo iwekwe kando: ashike njia ya haraka zaidi.