*Je* si Mimi: Viwakilishi vya Mkazo *Moi*, *Toi* na *Lui* katika Kifaransa cha Shule na Ofisi nchini Burundi

Mwanafunzi wa Mutoyi, katika eneo la Gitega, huingia katika somo la Kifaransa akiwa tayari na Kirundi. Mwenzake wa Muyinga, mpakani na Tanzania, aghalabu huwa na Kiswahili pia. Wote wawili hufundishwa mapema kwamba *je* ni *jewe*, yaani *mimi*. Ulinganifu huo ni rahisi kukumbuka, lakini si sahihi, na makosa mengi yanayohusishwa na uzembe wa wanafunzi hutokana nao. Makala haya yanashikilia kwamba *je* hulingana na kiambishi *ni-*, na kwamba kinacholingana na *mimi* ni *moi*. Kadhalika *tu* ni *u-*, ilhali *toi* ni *wewe*, neno ambalo Kirundi na Kiswahili hulitumia kwa umbo lilelile.

Ushahidi wa dai hili ni wa kimuundo. *Je* haiwezi kusimama bila kitenzi. Anayeulizwa *Qui vient?* hajibu *Je*, kama vile Mswahili aliyeulizwa ni nani anayekuja asivyoweza kujibu *ni-*. Atajibu *Moi*. Kati ya *je* na kitenzi huingia vipashio vichache tu, kama vile *ne* ya ukanushi na viwakilishi vifupi vya yambwa (*je ne le vois pas*), jambo linalokumbusha jinsi kiambishi cha yambwa kinavyojipenyeza ndani ya kitenzi cha Kiswahili katika *ninamwona*. Aidha, *je* haiunganishwi na nomino. *Je et Pierre* ni kosa ambalo mwalimu hulikuta daftarini mara kwa mara, nalo ni tunda la moja kwa moja la kuamini kwamba *je* ni *mimi*, kwa kuwa *mimi na Petro* ni sahihi kabisa. Kifaransa husema *Pierre et moi*, na kitenzi hufuata wingi wa nafsi ya kwanza: *Pierre et moi avons signé*, au kwa kurudia, *Pierre et moi, nous avons signé*. Baada ya kihusishi na katika ulinganishi hali ni hiyo hiyo: *avec moi*, *plus grand que toi*.

Hali haikuwa hivyo daima. *Je* ilitokana na *ego* ya Kilatini, na katika Kifaransa cha kale iliweza kubeba mkazo na kutengana na kitenzi. Kadiri ilivyodhoofika na kunata kwenye kitenzi, *moi*, yenye asili katika umbo la yambwa la Kilatini, *me*, ilichukua nafasi iliyoachwa wazi. Mabaki ya hali ya zamani bado yapo katika vyeti vya kiofisi vinavyoanza *Je soussigné*, kisha jina, kisha *certifie que*. Hapo *je* imetengwa na kitenzi chake kwa maneno kadhaa. Mwanafunzi aliyekiona cheti cha namna hiyo nyumbani ana haki ya kuuliza kwa nini sentensi yake mwenyewe imekatwa kwa wino mwekundu, na jibu ni kwamba cheti kimehifadhi sarufi ya karne nyingi zilizopita.

Kuimarisha kiima: mfano wa muhtasari wa kikao

Kazi ya pili ya viwakilishi hivi ni kuimarisha kiima badala ya kukiondoa, na hapo ndipo maana inapoweza kupotea kati ya lugha moja na nyingine. Chukuliwe mfano wa kubuni wa ushirika wa wakulima ambao kikao chake kinaendeshwa kwa Kirundi na muhtasari wake kuandikwa kwa Kifaransa. Magunia yametoka ghalani na hati ya kuyatoa ina saini. Mtunza ghala anaulizwa, naye anajibu. Katibu ana njia tatu za kuliandika jibu lake.

Akiandika *J'ai signé le bon*, anaripoti tendo tu. Akiandika *Moi, j'ai signé le bon*, anamweka mtunza ghala kando ya wengine: kwa upande wake alisaini, na msomaji atangojea kuambiwa wengine walifanya nini. Huenda ni utetezi, kwamba yeye alitimiza wajibu wake na kasoro itafutwe kwingine. Akiandika *C'est moi qui ai signé le bon*, anajibu swali la nani: aliyesaini ni yeye, si mwingine. Hilo ni ungamo au dai la madaraka. Tukio ni moja, lakini mkaguzi atakayesoma muhtasari huo baadaye atafikia hitimisho tofauti kwa kila sentensi.

Kirundi na Kiswahili vina njia za kutofautisha hayo yote. *Jewe ndagiye* ni ndugu wa *Moi, je pars*. *Ni jewe nabikoze* na *Ni mimi niliyefanya* ni ndugu wa *C'est moi qui l'ai fait*. Katibu anayeamini kwamba *mimi* ni *je* ataandika *J'ai signé* mahali pote, na tofauti iliyosikika wazi kikaoni itafutika kwenye karatasi. Ulinganifu huohuo unasaidia pia katika upatanisho. Kosa la *c'est moi qui a signé*, ambalo hata Wafaransa wenyewe hulifanya, hurekebishika kwa kumwelekeza mwanafunzi kwenye *niliyesaini*: nafsi ya kwanza imebaki ndani ya kitenzi rejeshi, na *ai* inafanya vivyo hivyo.

Nafsi ya tatu

Ulinganifu wa *je* na *ni-* una mpaka wake, nao uko katika nafsi ya tatu. Kiswahili hudai kiambishi hata kiima kinapotajwa: *Petro alisaini*, kamwe si *Petro lisaini*. Kifaransa cha maandishi rasmi hukiacha: *Pierre a signé*. Mwanafunzi anayehamisha mazoea yake huandika *Pierre il a signé*, muundo unaosikika katika mazungumzo lakini usiokubalika katika ripoti. Kwa kuwa kitenzi cha nafsi ya tatu hutosheka na nomino, hutosheka pia na *lui* na *eux*, ambazo hutenda kazi kama nomino. Ndiyo maana *Lui a signé, eux ont refusé* ni sentensi sahihi yenye kulinganua, ilhali *Moi ai signé* si sahihi. *Moi* na *toi* haziwezi kuiondoa *je* au *tu* mbele ya kitenzi kwa urahisi huo. *Moi seul sais*, pamoja na neno la kubagua *seul*, ni hali ya pekee.

Hatari nyingine katika *lui* haionekani kwa urahisi. *Yeye* haibagui mwanamume na mwanamke, na Kirundi nacho hakibagui. Katika *je lui parle*, *lui* ni yambwa yenye kunata kwenye kitenzi na humhusu mwanamume au mwanamke. Lakini *lui* ya mkazo ni ya mwanamume peke yake. Ya mwanamke ni *elle*. Mwanafunzi aliyezoea *je lui parle* kuhusu dada yake huendelea kuandika *je pense à lui* kuhusu dada huyohuyo, na msomaji anadhani ametajwa mtu mwingine. Mwalimu anaweza kutambua chanzo cha kosa kwa kutazama mahali neno liliposimama: likiwa yambwa mbele ya kitenzi bila kihusishi ni kiwakilishi cha kunata, na jinsia haijalishi, likiwa baada ya kihusishi, baada ya *c'est*, au peke yake kama jibu, ni la mkazo, na jinsia lazima ichaguliwe.