Beethoven Alizaliwa Lini?

Vitabu vingi husema Ludwig van Beethoven alizaliwa mjini Bonn, Ujerumani, tarehe 16 Desemba 1770. Siku hiyo redio hupiga simfonia zake na wapenzi wa muziki hukumbushana. Lakini hakuna daftari la kanisa wala la serikali linalosema kwamba mtoto huyo alizaliwa tarehe 16. Kilichoandikwa ni kwamba tarehe 17 Desemba alibatizwa katika parokia ya Mtakatifu Remigius. Hiyo 16 ni hesabu ya watu waliokuja baadaye.

Hesabu yenyewe ina msingi. Wakatoliki wa Bonn wakati ule walikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto kubatizwa ndani ya siku moja tangu azaliwe. Watoto wachanga walikufa kwa wingi, na hakuna mzazi aliyetaka wake afe kabla ya kubatizwa. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa tarehe 17 yaelekea alizaliwa tarehe 16. Angeweza pia kuzaliwa alfajiri ya tarehe 17 yenyewe na kupelekwa kanisani siku hiyohiyo.

Upo ushahidi mwingine mdogo unaoegemea 16. Tarehe 15 Desemba 1796, Johann Georg Albrechtsberger, aliyekuwa amemfundisha Beethoven utunzi huko Vienna, alimwandikia barua ya kumtakia heri kwa sikukuu yake ya kesho. Mwalimu aliiita sikukuu ya jina, yaani ya somo wake. Lakini sikukuu ya Mtakatifu Ludoviko huangukia tarehe 25 Agosti, si Desemba. Ndiyo maana wasomi huona kwamba mzee alikuwa akimtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Huo si ushahidi wa mahakamani, ila unatosha kutufanya tuipendelee 16 kuliko 17.

Msomaji aliyezoea vyeti vya ubatizo vya parokia zetu, ambavyo vina nafasi ya tarehe ya kuzaliwa na nafasi ya tarehe ya kubatizwa, anaweza kumshangaa padri wa Bonn. Mbona hakuuliza tu mtoto kazaliwa lini? Jibu liko katika kazi ya daftari lenyewe. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko waandike majina ya wasimamizi wa ubatizo, kwa sababu sheria ya Kanisa ilihesabu usimamizi huo kuwa undugu wa kiroho. Mtu hakuruhusiwa kumwoa mtoto aliyemsimamia, wala mzazi wa mtoto huyo. Kwa hiyo paroko alihitaji kujua, miaka ishirini baadaye, nani alimsimamia nani. Siku ya kuzaliwa haikuzuia ndoa ya mtu yeyote, na makarani wengi hawakujishughulisha nayo. Daftari lilitunza habari za sakramenti, na matumizi yake kama rejista ya uzazi tumeyaleta sisi.

Ingizo la tarehe 17 Desemba lina sura hiyo hasa. Limeandikwa kwa Kilatini. Linamtaja mtoto Ludovicus, baba Johannes van Beethoven, mama Helena Keverich, na wasimamizi wawili: babu wa mtoto, aliyeitwa pia Ludwig, na jirani yao Bi. Gertrud Baum. Mama yake tunamfahamu zaidi kama Maria Magdalena, kwa hiyo hata majina ya daftarini yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kuhusu kuzaliwa, daftari liko kimya.

Kama tatizo lingekuwa siku moja tu, lisingestahili kurasa za gazeti. Kilicho kizito zaidi ni mwaka. Beethoven mwenyewe, karibu maisha yake yote ya utu uzima, aliamini kwamba alikuwa mdogo kuliko alivyokuwa, na kosa hilo lilianzia kwa baba yake. Tarehe 26 Machi 1778 Johannes alimpandisha mwanawe jukwaani mjini Köln, na katika tangazo la onyesho akasema mtoto ana miaka sita. Alikuwa ameshatimiza saba. Mwaka 1783 sonata tatu za kijana huyo zilichapishwa zikieleza kuwa mtunzi ana miaka kumi na mmoja, naye alikuwa na kumi na miwili. Mozart alikuwa ameshaonyesha Ulaya nzima kwamba mtoto mwenye kipaji ni biashara, na umri mdogo uliongeza bei. Iwapo baba alidanganya kwa makusudi au alipoteza hesabu, mimi naona tangazo la Köln linatosha kumtilia shaka.

Mwaka 1810 Beethoven alihitaji cheti cha ubatizo. Waandishi wengi wa maisha yake wanaamini kwamba alitaka kumposa Therese Malfatti, na katika Vienna ya Kikatoliki hakuna ndoa bila cheti. Tarehe 2 Mei alimwandikia rafiki yake wa tangu Bonn, daktari Franz Wegeler, amtafutie. Katika barua hiyo alimwonya kwamba kulikuwa na kaka aliyemtangulia, naye akiitwa Ludwig, aliyekufa. Akamtaka aangalie sana asije akaleta cheti cha marehemu.

Onyo hilo lilikuwa la mtu mwenye akili. Siku hizo mtoto akifa, jina lake lilirudishwa mara nyingi kwa mdogo wake, hasa kama lilikuwa jina la babu. Mtafiti anayepekua daftari haraka hukutana na jina, wazazi na parokia zilezile, akafunga kazi, kumbe amempata mtoto mwingine. Cheti kikaja mwezi Juni, nacho kikasema tarehe 17 Desemba 1770. Beethoven hakukikubali. Aliandika kwa mkono wake kwamba mwaka ni 1772 na kwamba cheti kinaonekana kuwa na kosa, kwa kuwa kulikuwa na Ludwig kabla yake.

Hapa ndipo daftari linapoonyesha nguvu zake, maana jibu halipatikani katika mstari mmoja bali katika kurasa nyingi zilizosomwa kwa pamoja. Ludwig wa kwanza, Ludwig Maria, alibatizwa tarehe 2 Aprili 1769 na akafa siku chache baadaye. Kwa hiyo yule wa Desemba 1770 hawezi kuwa yeye. Mdogo wao Kaspar alibatizwa Aprili 1774. Kati ya Desemba 1770 na Aprili 1774 hakuna Ludwig mwingine wa wazazi hao. Basi Ludwig wa 1770 ndiye mtunzi, na Beethoven, aliyejua vizuri kwamba alikuwa na kaka aliyefariki, alimweka kaka huyo mahali ambapo daftari linakataa.

Kanuni ya kurudi nyuma siku moja imewasaidia wengi. Imetumika hata kwa wachoraji. Caravaggio, mchoraji wa Italia, alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa alizaliwa mwaka 1573 katika mji ule ambao watu wamemwita kwa jina lake. Mwaka 2007 ikaonekana habari ya ubatizo wake katika daftari la parokia moja ya Milano, tarehe 30 Septemba 1571. Jina lake la ubatizo ni Michelangelo, na tarehe 29 Septemba ni sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli. Jina na desturi zikielekeza siku moja, mtafiti hutembea kwa kujiamini. Hata hivyo waandishi waangalifu huandika kwanza kwamba alibatizwa tarehe 30, kisha ndipo wakataja 29 kama siku inayodhaniwa.

Mahali pengine kanuni hiyohiyo ni mtego. Antonio Vivaldi alibatizwa kanisani, huko San Giovanni in Bragora mjini Venisi, tarehe 6 Mei 1678. Mtu akirudi nyuma siku moja atapata 5 Mei, naye atakuwa amekosea kwa miezi miwili. Vivaldi alizaliwa tarehe 4 Machi. Alizaliwa katika hatari ya kufa, na mkunga akambatiza palepale nyumbani, jambo ambalo Kanisa linaruhusu kwa mtu yeyote inapokuwa dharura. Maji yakishamwagwa na maneno yakishatamkwa, ubatizo umekamilika wala haurudiwi. Mtoto akipona ndipo hupelekwa kanisani kwa taratibu zilizobaki, za sala na mafuta matakatifu. Bahati nzuri paroko huyo aliyaandika yote, pamoja na siku ya kuzaliwa na kazi ya mkunga. Ingizo hilo lilitambuliwa na watafiti katika miaka ya 1960 tu. Kabla ya hapo hata mwaka wa kuzaliwa kwa Vivaldi ulikuwa wa kukisia.

Kwa hiyo anayesoma daftari hutafuta kwanza kama kuna neno lolote kuhusu nyumba, mkunga au hatari ya kufa, kisha hutazama majirani wa mtoto katika ukurasa uleule. Kama wengine wote wanaletwa wakiwa wa siku moja au mbili, na huyu ameletwa akiwa wa wiki kadhaa, kuna kisa nyuma yake.

Tena daftari kutaja siku ya kuzaliwa hakumalizi ubishi. Frédéric Chopin alibatizwa katika kanisa la Brochów, Polandi, tarehe 23 Aprili 1810. Ingizo linasema wazi kwamba alizaliwa tarehe 22 Februari. Lakini Chopin mwenyewe na familia yake walisherehekea tarehe 1 Machi, na mwaka 1833, akiandikia chama cha waandishi wa Kipolandi mjini Paris, ndiyo tarehe aliyoitaja. Je, tumwamini karani aliyeandika mwaka uleule, au mama aliyezaa?

Tazama kalenda ya mwaka huo. Tarehe 22 Februari na tarehe 1 Machi zote zilikuwa Alhamisi, na kati yake kuna wiki moja kamili. Baba alikuwa akisimulia jambo lililotokea wiki nyingi nyuma. Mtu wa hali hiyo hukumbuka kwamba ilikuwa Alhamisi, kisha huhesabu wiki, na wiki moja humponyoka kwa urahisi. Hakuna aliyethibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa, ila naona maelezo hayo yanaipa tarehe 1 Machi uzito zaidi, kwani kosa la wiki kamili ni la anayehesabu kwa wiki, na mama hakuwa na haja ya kuhesabu. Wapolandi hawakutaka kuamua. Mwaka 2010, Chopin alipotimiza miaka 200, sherehe za muziki mjini Warszawa zilianza tarehe 22 Februari zikaendelea hadi tarehe 1 Machi.