Matongo ya Siku ya Tisa

Mtoto ana siku 9 na uzito wa kilo 3. Kila asubuhi kope zake huamka zimegandana, na bibi yake huzifungua taratibu kwa pamba na maji ya vuguvugu. Mtoto huyu ni wa mfano, lakini wauguzi wa kliniki za watoto wanawaona wengi kama yeye. Ameshapakwa mafuta ya tetrasaiklini siku tatu. Matongo yakapungua, kisha yakarudi.

"Mama, yalianza siku ya ngapi?" ndilo swali la kwanza la muuguzi.

Hesabu ya siku husema mengi. Usaha mwingi na kope zilizovimba kati ya siku ya 2 na ya 5 huleta shaka ya kisonono, na hapo hakuna kungoja, kwa sababu kioo cha jicho kinaweza kutoboka. Mtoto hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, akachomwa sindano ya seftriaksoni. Jicho linalotoa machozi tu, huku jeupe lake likibaki jeupe, mara nyingi lina mfereji wa machozi ulioziba. Hilo hukandwa kwa kidole safi pembeni mwa pua, na kwa wengi mfereji hufunguka kabla ya mwaka kutimia. Bakteria wengine wa kawaida huondoka kwa dawa ya jicho peke yake.

Klamidia hujitokeza zaidi kati ya siku ya 5 na ya 14. Siku hizo hupishana, ndiyo maana kipimo kinahitajika. Anayechukua sampuli hushusha kope ya chini na kuusugua utando wake wa ndani kwa kijiti cha pamba. Usaha pekee hautoshi, kwani klamidia huishi ndani ya seli zenyewe.

Hapo ndipo mafuta yanaposhindwa. Wakati wa kuzaliwa vimelea huingia machoni, na pia puani na kooni. Mafuta hubaki jichoni. Vilivyo kooni vinaweza kushuka mapafuni, na wiki kadhaa baadaye mtoto akapata nimonia: anakohoa mfululizo, anapumua harakaharaka, mara nyingi bila homa.

Kwa hiyo dawa hupitia mdomoni ili damu iisambaze mwilini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 azithromaisini, miligramu 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku 3. Mtoto wetu atahitaji miligramu 60. Kama chupa ina miligramu 200 katika mililita 5, hiyo ni mililita 1.5, inayopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Erithromaisini nayo hutumika, lakini hunywewa mara nne kwa siku, siku 14, na dozi nyingi hurukwa.

Dawa zote mbili zina hatari ndogo ya kukaza njia ya kutokea tumboni kwa watoto wachanga. Akianza kutapika kwa nguvu, maziwa yakiruka mbali, hata wiki chache baada ya dozi, arudishwe hospitali mara moja.

Mama na baba nao hutibiwa, kwa kuwa vimelea vilitoka kwao, mara nyingi bila dalili yoyote.