Kabla Washenga Hawajabisha Hodi

Pwani ya Kenya, uchumba ukishafika kwa washenga huwa si wa wawili tena. Barua ya posa ikipokewa, wajomba na mashangazi wameshaanza kutajiana mahari, na neno zito litakalozuka hapo litajadiliwa na ukoo mzima. Kwa hiyo mtu aliyewahi kupendana na mwenzake wa jinsia moja, na anayetaka mchumba wake ajue, ana kipindi kifupi: wawili wameshakubaliana kuoana, lakini barua haijaandikwa.

Ni lazima aseme? Masheikh wengi watamwambia ajisitiri, kwamba aliyesitiriwa na Mungu hajifunui mwenyewe. Ni hoja nzito. Lakini nani mwingine anajua? Siri iliyo kwa marafiki wa bwenini ina njia nyingi za kumfikia mume, na huenda ikamfikia kwa mdomo wa asiyewatakia mema.

Tuseme ni binti wa Likoni, aliyekuwa na mpenzi wa kike chuoni kwa miaka miwili. Asiandike kwenye simu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha Mei 2019, kina adhabu ya hadi miaka 14 jela. Kinaadhibu tendo, si kupendana, ila mtu wa kukutisha ili umpe pesa hahitaji hukumu. Picha ya ujumbe wako inamtosha.

Avuke feri, wakae Mama Ngina mchana, pasipo masikio ya karibu lakini penye watu, ili yeyote akitaka kuondoka aondoke. Maneno yawe machache: “Kabla hujatuma wazee, kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Nilipokuwa chuoni nilipendana na msichana mwenzangu. Yaliisha kabla sijakujua.” Jina la yule msichana lisitajwe hata akibanwa, maana naye ana maisha yake, pengine na mume.

Kijana ataruka maswali mengi afikie moja: “Na mimi, unanipenda kweli?” Wapo wanaovutiwa na wanaume na wanawake pia, na anayependa hivyo anaweza kujibu ndiyo bila kudanganya. Akijikuta anasita kwa sababu ndoa hii anaitaka ili mama yake anyamaze, basi tatizo si la chuoni tena, na posa isubiri. Wengine huuliza kuhusu maradhi. Hilo halijibiwi kwa maneno. Waende wote wawili kupima virusi vya ukimwi, kama wachumba wowote.

Asidai jibu siku hiyo. Ukimya wa wiki nzima si kukataliwa.

Nawe unayeambiwa, una haki ya kuikataa ndoa. Wazee wakiuliza, waambie hamkuelewana. Sababu yenyewe si yako kuisimulia.