Kusoma fomu ya benki ya Kichina

Katika fomu ya kutuma pesa ndani ya China, 汇款人 ni mtumaji na 收款人 ni mpokeaji. Tofauti iko kwenye herufi ya kwanza tu: 汇 ni kutuma, 收 ni kupokea. Kwa kila upande kuna 账号, namba ya akaunti, na 开户行, sehemu inayowakwamisha wengi. Hapo jina la benki peke yake halitoshi. Huandikwa pia tawi lilikofunguliwa akaunti.

Kiasi huandikwa mara mbili, 小写 kwa tarakimu na 大写 kwa maneno. Mwenye kulipia mzigo wa yuan 12,000 ataandika 壹万贰仟元整. Kwa kuwa 万 ni elfu kumi, husomwa “elfu kumi moja, elfu mbili, yuan kamili”. Herufi hizi nzito hazikuwekwa kwa urembo. Moja ya kawaida, 一, ni mstari mmoja; mjanja akiongeza wa pili inakuwa 二, mbili. 壹 haichezewi kirahisi hivyo, na 整 ya mwisho huzuia senti kuongezwa nyuma. Maneno yakipishana na tarakimu, fomu hurudishwa.